Vizimba vya diski: cha nne, cha tano, au boksi la nane?

Diski ya inchi 3.5 ina unene wa milimita 26.1 na upana wa milimita 101.6. Nafasi moja ya inchi 5.25, ile ya mbele ya boksi ambako zamani tulipachika mashine ya CD, ina kimo cha milimita 41 na kidogo na upana wa milimita 146. Kabla hujasoma sifa zilizoandikwa kwenye katoni ya kizimba chochote, chukua kalamu ulinganishe namba hizo. Ndizo zinazoamua hewa itapita wapi, na hewa ndiyo inayoamua diski zako zitaishi katika joto gani.

Kizimba ninachokizungumzia ni kile kinachoingia katika nafasi hizo za mbele, chenye mlango mmoja kwa kila diski na, nyuma yake, bodi yenye soketi. Ukiisukuma diski ndani inajipachika yenyewe kwenye soketi. Ukitaka kuitoa unavuta mpini, mashine ikiwa inawaka, bila kufungua boksi wala kugusa waya. Kuna vya diski tatu vinavyochukua nafasi mbili, vya diski nne vinavyochukua nafasi tatu, na vya diski tano vinavyochukua nafasi tatu hizohizo. Pembeni yao kuna maboksi yaliyotengenezwa tangu kiwandani yakiwa na milango minane, kama CS380 ya SilverStone. Na kuna boksi la kawaida kama Define R5 ya Fractal, lenye trei nane za ndani zisizo na bodi ya nyuma, ambalo watu hulisahau wanapolinganisha ilhali mara nyingi ndilo jibu.

Wengi hununua kizimba wakiamini faida yake ni kutokuzima seva. Nyumbani, au katika ofisi ya watu saba, kuzima mashine kwa robo saa jioni hakumuumizi mtu. Faida ninayoiona mimi ni nyingine. Siku diski moja inapokufa ndani ya RAID, yaani safu ya diski zinazofanya kazi kama moja, zile zilizobaki ndizo zinazobeba data yako yote, na huo ndio wakati mbaya kabisa wa kuingiza mkono ndani ya boksi lenye waya kumi zilizobanana. Waya wa SATA ukilegea kidogo tu wakati unahangaika na jirani yake, diski nzima inatoweka kwenye safu. Kizimba kinaondoa hatari hiyo: unavuta mlango mmoja, mingine haitikisiki. Kama hilo kwako halina uzito, usilipie bodi ya nyuma.

## Milimita zinazobaki

Tuzipige hesabu. Kizimba cha tatu kwa mbili hulaza diski chali. Nafasi mbili zina kimo cha kama milimita 82.6, diski tatu zinakula 78.3, zinabaki 4.3 za kugawana. Cha nne kwa tatu nacho hulaza diski: kimo ni karibu 124, diski nne zinakula 104.4, zinabaki 19.5. Cha tano kwa tatu husimamisha diski kwa ubavu, kwa hiyo tunahesabu upana: 146 toa 130.5, zinabaki 15.5.

| Kizimba | Nafasi za 5.25 | Sehemu ya kila diski |
|---|---|---|
| Diski 3, zimelazwa | 2 | kama mm 1.4 |
| Diski 4, zimelazwa | 3 | kama mm 4.9 |
| Diski 5, zimesimama | 3 | kama mm 3.1 |

Na hapo bado hatujatoa unene wa kuta za kizimba na wa trei zenyewe. Kizimba cha tatu kwa mbili kwa hakika hakina njia ya hewa katikati ya diski. Kinachopoa ni kingo na mbele. Diski ya katikati inapashwa na jirani wa juu na wa chini, na ukisoma joto la zote tatu utaikuta ndiyo inayoongoza kila siku. Kwa diski za inchi 2.5 za SSD simulizi ni tofauti kabisa, lakini kwa diski zinazozunguka mimi sikipendekezi kizimba hicho katika chumba kisicho na kiyoyozi, hata kama ni cha bei nafuu kuliko vyote.

Cha tano kinaishi kwa nguvu ya feni. Pengo la milimita 3 linapitisha hewa vizuri kama feni ina msukumo wa kutosha, na ndiyo sababu vizimba vya aina hii huja na feni ndogo inayozunguka kwa kasi. CSE-M35T-1B ya Supermicro, ambayo imedumu sokoni miaka mingi, ina feni ya milimita 92 nyuma na king'ora kinacholia feni ikifa au joto likizidi. Inapoza vizuri. Ila inavuma, na ukiiweka chini ya meza unayokalia siku nzima utaanza kutafuta feni ya kimya ya kuibadilishia kabla mwezi haujaisha. Hapo ndipo watu hujichimbia shimo. Feni za kimya nyingi zimetengenezwa kusukuma hewa mahali palipo wazi. Ukiziweka nyuma ya bodi iliyojaa soketi zinazunguka bila hewa kupita, na joto la diski linapanda nyuzi kadhaa ndani ya saa moja. Ukitaka kubadilisha feni, tafuta iliyoandikwa kuwa ina mgandamizo mkubwa wa hewa. Kelele itapungua kiasi, haitakwisha.

Cha nne kina pengo kubwa zaidi na diski pungufu moja. Baadhi yake vina nafasi ya feni ya milimita 120, ambayo inasogeza hewa ileile kwa mzunguko wa chini, yaani kwa sauti ya chini. Kwa macho yangu hiki ndicho kizimba cha watu wa pwani, na diski ya tano unayoikosa inaweza kufidiwa kwa kununua diski nne kubwa zaidi.

## Joto la chumba chako, si la mwandishi wa tathmini

Tathmini za vizimba unazozisoma mtandaoni zinafanyiwa zaidi Ulaya na Marekani, katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Mwandishi anasema diski zilifika nyuzi 36, msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anafurahi. Namba ya kuangalia ni tofauti ya diski na chumba. Kama chumba chake kilikuwa nyuzi 21, kizimba kile kilipandisha joto kwa nyuzi 15. Kiweke katika chumba cha nyuzi 31 na diski zitakaa nyuzi 46. Watengenezaji huruhusu nyuzi 60 au 65, kwa hiyo diski haitaungua, lakini mimi nataka wastani usizidi 45 na kilele kisivuke 50. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya laki moja, haukuona joto likiziua diski changa kama ilivyodhaniwa. Lililojitokeza lilikuwa kwa diski zilizozeeka, zenye miaka mitatu na kuendelea, zilizokuwa zikikaa juu ya nyuzi 45. Ofisini kwetu diski hukaa mpaka zife zenyewe, kwa hiyo zote zitazeeka.

Kuna jambo moja la ofisi ambalo karibu hakuna mwongozo unaoligusa. Kiyoyozi huzimwa saa 12 jioni watu wanapoondoka, madirisha yamefungwa. Kazi nzito za diski, yaani kunakili akiba na kukagua safu nzima, zimepangwa saa 6 usiku kwa sababu ndivyo mpangilio wa kiwandani ulivyo. Matokeo yake ni kwamba diski zinafanya kazi ngumu kuliko zote katika chumba chenye joto kuliko saa zote. Ukipima mchana ukaona nyuzi 39, umepima saa ya raha. Sogeza ukaguzi uanze saa 11 alfajiri, au acha ufanyike mchana wa Jumamosi kiyoyozi kikiwaka, na upime wakati huo.

Shida inayoshabihiana na hiyo iko kwenye feni. Ukiichomeka feni ya kizimba kwenye mazabodi, mazabodi itaiongoza kwa joto la prosesa. Seva ya faili haina kazi kubwa ya prosesa, kwa hiyo feni itapunguza kasi huku diski zikichemka. Ama iweke kasi isiyobadilika ndani ya BIOS, ama ichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya kizimba. Kwenye Linux kuanzia toleo la 5.6 unaweza kuyasoma majoto ya diski pamoja na ya vifaa vingine:

```
sudo modprobe drivetemp
sensors
```

Hewa hufuata njia rahisi. Mlango mmoja ukiachwa wazi, au trei tupu ikitolewa na kuwekwa kabatini, feni itavuta kupitia tundu hilo na kuziacha diski nyingine zikipata masalia. Trei tupu ibaki mahali pake. Nafasi za 5.25 ambazo hazina kitu nazo zifunikwe.

Lalamiko linalojirudia juu ya CS380 ni la aina hiyohiyo: feni zake mbili za 120 ziko ubavuni, na kati yake na safu ya diski kuna uwazi unaoruhusu hewa kuzunguka badala ya kupita katikati. Wenye nalo hukata karatasi ngumu au plastiki nyembamba na kuziba uwazi huo, na joto hushuka. Si kazi ngumu, lakini ujue kabla ya kununua kwamba siku ya kwanza utahitaji mkasi na gundi. Define R5, kwa upande wake, ina feni mbele ya trei moja kwa moja, mapengo mapana, na haina bodi ya nyuma ya kuziba njia. Kwa kupoza tu, inavishinda vizimba vyote nilivyovitaja ikiwa kimya.

## Umeme unaoingia kwenye bodi ya nyuma

Hapa ndipo vizimba viwili vinavyofanana sura vinatofautiana, na picha za duka hazikuonyeshi. Geuza kizimba uangalie nyuma kinapokea umeme kwa plagi gani.

Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka inavuta karibu ampea 2 kwenye volti 12 kwa sekunde chache, kisha inatulia kwenye sehemu ndogo ya hapo. Plagi ya umeme ya SATA ina pini tatu kwa volti 12, kila pini ikiruhusiwa ampea 1.5, jumla 4.5. Kizimba cha diski tano zikiamka pamoja kinadai ampea 10. Plagi moja haitoshi, mbili zinatoa 9, hazitoshi pia kwenye karatasi. Kwa hiyo kizimba kikiwa na matundu matatu ya umeme, yachomeke yote matatu, hata kama taa zinawaka vizuri kwa moja. Na usiyachomeke yote kwenye waya mmoja unaotoka pawa saplai. Gawanya kwenye waya mbili tofauti. Dalili ya umeme kutotosha ni diski moja au mbili kutoonekana mashine ikiwashwa kutoka baridi, kisha kuonekana ukiiwasha upya kwa sababu sahani zilikuwa bado zinazunguka.

Vizimba vya zamani na vile vya seva hupokea umeme kwa plagi ya pini 4, ambayo mafundi huiita moleksi. Pini zake ni nene, zinabeba mzigo zaidi, na kuna faida ya ziada iliyojificha. Diski zilizotolewa ndani ya vifaa vya nje vya USB, ambazo wengi hununua kwa kuwa ni nafuu, nyingi hufuata kanuni mpya ya SATA 3.3 ambapo pini ya 3 ya umeme ikipata volti 3.3 diski inazimwa. Moleksi haina volti 3.3 kabisa, ina 5 na 12 tu, kwa hiyo diski hizo huamka bila tatizo. Kwenye kizimba chenye plagi za SATA diski ileile inaweza kukaa kimya kama jiwe, na mtu akadhani ameuziwa mbovu. Dawa ni kipande chembamba cha tepu ya Kaptoni juu ya pini ya 3, ingawa kwenye kizimba kisicho na trei tepu hiyo itasuguka na kubanduka kadiri unavyochomoa na kuchomeka.

Kama pawa saplai yako haina plagi za kutosha, usinunue vile viunganishi vya bei rahisi ambavyo waya zimezama ndani ya plastiki iliyomwagwa ikiwa moto. Ndani yake waya zinaweza kukaribiana, plastiki ikilegea kwa joto zinagusana, na viunganishi hivyo vimeshawaka moto ndani ya kompyuta nyingi. Chagua vile ambavyo kila waya umebanwa kwenye pini yake na kifuniko kinafunguka ukaona.

## Waya za data

Kwa diski nne au tano, chukua kizimba chenye soketi za kawaida za SATA nyuma, kila moja na waya wake. CSE-M35T-1B iko hivyo, na MB155SP-B ya Icy Dock vilevile. Waya ukifa unabadilisha mmoja, na unajua ni wa mlango upi. Uandike namba kwenye ncha zote mbili kabla hujafunga boksi.

Kuanzia diski nane waya moja moja zinakuwa kero, na ndipo vinaingia vizimba vyenye soketi pana inayobeba diski nne kwa kebo moja, SFF-8087 au ile mpya zaidi SFF-8643. Hizo zinaelekea kwenye kadi ya kuunganishia diski kama LSI 9211-8i. Mtego uko kwenye kebo. Kuna kebo inayotoka kwenye kadi kwa ncha pana na kugawanyika kuwa SATA nne upande wa diski, na kuna inayotoka SATA nne kwenye mazabodi kuingia kwenye soketi pana ya kizimba. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini ndani waya zimepangwa kinyume. Ukinunua isiyo yako hakuna kitakachoungua, wala hakuna diski itakayoonekana. Muulize muuzaji neno moja tu: ncha pana inakaa upande wa kadi au upande wa diski? Asipojua, usinunue kwake. Na kadi hizo zilitengenezwa kwa seva zenye upepo mkali. Katika boksi la mezani zinahitaji feni ndogo ya kwao.

Bodi yenye soketi za SAS, aina inayotumika kwenye diski za seva, inapokea diski za SATA bila shida. Kinyume chake hakiwezekani: diski ya SAS haiingii kwenye soketi ya SATA, kuna kizuizi cha plastiki kinachoikataa. Kwa hiyo ukikutana na diski za SAS za mitumba kwa bei ya kutupa, kwanza hakikisha bodi yako ya nyuma na kadi yako zote ni za SAS.

## Trei au bila trei

Trei inakupa kishikio imara, skrubu nne, na mahali pa kubandika karatasi yenye namba ya diski. Kizimba kisicho na trei kinapokea diski tupu na kuifungia mlango. Cha pili ni kitamu kwa diski za akiba zinazoingia na kutoka. Kwa safu inayokaa miaka, napendelea trei, kwa kuwa diski inashikwa na skrubu badala ya springi, na kwa kuwa trei ina kufuli. Mtoto au mfanya usafi akivuta mlango haufunguki.

Kuna ukomo unaowahusu wote wawili. Kanuni za SATA zinakadiria plagi ya waya wa kawaida ichomekwe na kuchomolewa mara 50, na soketi ya bodi ya nyuma mara 500. Ukibadilisha diski ya akiba kila wiki, mara 500 ni miaka tisa na zaidi. Ukibadilisha kila siku ya kazi, miaka miwili haifiki. Anayepeleka nakala nyumbani kila jioni anafaa kutumia diski ya nje ya USB, si kizimba.

## Mfano: ofisi ya wapima ardhi

Tuseme ofisi ya wapima ardhi Dar es Salaam, watu saba, picha za droni zinazojaa kila mradi. Wanahitaji kama terabaiti 16 za kutumia, na wanataka diski mbili ziweze kufa bila kupoteza kitu. Diski nne za terabaiti 8 kwenye RAIDZ2 zinatoa 16 hizo. Tano zingetoa 24, lakini hawazihitaji leo.

Mazabodi yao ina soketi sita za SATA. Nne zinaenda kwenye kizimba cha nne kwa tatu chenye trei, moja kwenye SSD ya mfumo, moja kwenye kizimba kidogo cha diski moja kisicho na trei, kwa ajili ya nakala ya kila Ijumaa inayokwenda kukaa kwingine. Hawahitaji kadi, hawahitaji kebo za ajabu. Boksi linatakiwa kuwa na nafasi nne za 5.25, na hapa ndipo pagumu: maboksi mapya karibu yote yamezifuta nafasi hizo. Tawa za ofisi za Dell OptiPlex na HP zinazojaa Kariakoo au Luthuli ya Nairobi zina nafasi moja au mbili, na pawa saplai zake zina plagi chache. Wanachotafuta ni boksi kubwa la zamani la kucheza gemu, lenye sura ya mbele iliyojaa nafasi tupu kutoka juu hadi chini. Kabla ya kulipa wafungue ubavu waangalie kama ndani ya nafasi hizo kuna ndimi ndogo za bati zinazotenganisha kila nafasi na nyingine. Zipo karibu kila boksi, na kizimba hakitapita mpaka zilazwe kwa koleo. Wapime pia kina: kizimba chenye feni nyuma kinakaribia au kuvuka sentimita 20, ongeza sentimita chache za waya kupinda, na mwisho wake usiugonge ukingo wa mazabodi.

Umeme: diski nne zikiamka ni ampea 8, plagi mbili za SATA zinaruhusu 9, zimetosha kwa shida, na ndiyo maana kila moja inatoka kwenye waya wake. Chumba ni nyuzi 31 usiku. Kizimba kikipandisha nyuzi 11 au 12, diski zitakaa 42 au 43. Kikipandisha 15 na zaidi, wanaongeza kasi ya feni kabla ya kuwaza kitu kingine.

Ndani ya BIOS wanahakikisha modi ni AHCI, na kwa kila soketi ya kizimba wanawasha kipengele kinachosomeka `Hot Plug`. Kikiachwa kimezimwa, diski mpya haitaonekana mpaka mashine iwashwe upya, na watu husingizia kizimba. Kisha wanajaribu kuchomoa kabla data haijaingia. Kwanza wanaisoma namba ya diski na kuilinganisha na karatasi iliyobandikwa kwenye trei, kwa sababu herufi kama `sdd` hubadilika:

```
ls -l /dev/disk/by-id
echo 1 | sudo tee /sys/block/sdd/device/delete
```

Baada ya amri hiyo ya pili diski inazimika. Wavute trei sentimita mbili tu, wasubiri kama nusu dakika sahani zisimame, ndipo waitoe. Diski inayozunguka bado inapinda mkononi ukiigeuza, na hiyo ni namna ya haraka ya kuiharibu.

## Mlango mbovu unavyojulikana

Bodi za nyuma huharibika polepole, hasa karibu na bahari ambako soketi huota kutu isiyoonekana. Diski inatoweka na kurudi, RAID inalalamika, mwenye ofisi ananunua diski mpya, wiki mbili baadaye mpya nayo inatoweka. Kabla ya kununua, soma hesabu moja:

```
sudo smartctl -A /dev/sdd
```

Mstari wa 199, `UDMA_CRC_Error_Count`, unahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi. Haurudi sifuri, kwa hiyo namba kubwa peke yake haisemi kitu. Angalia kama inapanda. Ikipanda, hamisha diski hiyo mlango mwingine, na ya mlango ule uilete hapa. Makosa yakibaki kwenye mlango uleule, badilisha waya kwanza. Yakibaki palepale na waya mpya, soketi ya bodi imekwisha. Yakiifuata diski, tatizo liko kwenye plagi ya diski yenyewe au bodi yake ndogo ya chini. Mstari wa 5 na wa 197, inayohusu sekta zilizokufa, ndiyo ya kukufanya ununue diski.

Kwenye kizimba chenye mlango mmoja mbovu, unaweza kuuziba kwa trei tupu na kuendelea na iliyobaki. Ndiyo maana, kwa anayechagua kati ya cha nne na cha tano na ana diski nne tu, ubishi wa mwisho uko hapa: cha tano chenye diski nne na mlango mmoja wa akiba katikati kinapata hewa karibu na cha nne, na kina pa kukimbilia soketi ikifa. Gharama yake ni ile feni ya milimita 80 au 92 inayovuma. Kama seva inakaa stoo au kwenye korido, ningechukua hicho. Kama inakaa chumba kimoja na watu, cha nne.